Shangazi aliyeuza kibanja: kesi ya Holaria Pastory na alichokiacha nyuma

Ukikaa na mawakili wa kanda ya ziwa ukawauliza kuhusu mabinti na ardhi ya ukoo, kesi ya kwanza watakayokutajia ni ile ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, hukumu ya Februari 1990. Imetajwa mpaka imechakaa, kila semina ya haki za wanawake ipo. Lakini wengi wanaoitaja hawajaisoma, wanajua tu kwamba "mwanamke alishinda". Ni kweli alishinda, ila swali ninalotaka tukae nalo hapa ni alishinda nini hasa, maana nimeona mabinti wanaenda mahakamani wameishika hii kesi kama rungu halafu wanashangaa haigongi pale walipotegemea.

Tuanze na kisa chenyewe. Bibi Holaria alikuwa na kipande cha ardhi ya ukoo huko Muleba, Kagera. Alikipata kwa baba yake kwa wosia, na wosia ulikuwa halali, hakuna aliyeupinga. Hili mlishike vizuri, nitalirudia. Akazeeka, nguvu zikaisha, akaona hana mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akauza ile ardhi kwa shilingi 300,000 kwa mtu ambaye si wa ukoo wao. Kesho yake tu, tarehe 25, Bernardo, ambaye bibi ni shangazi yake, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Yani wino haujakauka. Alichoomba ni kimoja, mahakama itamke kwamba mauzo ni batili kwa sababu kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Sasa kabla hatujamhukumu kijana, tuelewe kibanja ni nini kwa Mhaya. Siyo shamba tu. Ni migomba, ni kahawa katikati ya migomba, ni nyumba, na mara nyingi ni makaburi ya wazee humohumo. Ukoo unajihesabu kwa vibanja vyake. Hoja ya mila ni kwamba binti akiolewa watoto wake ni wa ukoo mwingine, kwahiyo ukimpa kibanja moja kwa moja, baada ya kizazi kimoja makaburi ya babu yako yako kwa watu wa kwingine. Ndo maana walimruhusu binti atumie, ale matunda yake maisha yake yote, lakini asiuze. Hoja ina mantiki yake, sitaki kuifanya ya kijinga. Tatizo ni kwamba mwanaume wa ukoo huohuo aliweza kuuza kwa mgeni na dunia haikuisha, nitaeleza.

Mila hii haikuwa ya mdomo tu. Serikali iliiandika. Mwaka 1963, kwenye Tangazo la Serikali namba 436, zikatoka kanuni za urithi za kimila kwa makabila yanayofuata upande wa baba, na kanuni ya 20 inasema wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, hiyo wanaweza kupewa kuitumia tu maisha yao lakini hawawezi kuuza, ila kama ukoo hauna mwanaume kabisa ndo mwanamke anaweza kuimiliki kamili. Kwahiyo mtu akikwambia "kesi ilikuwa mila dhidi ya sheria" mwambie taratibu kidogo, maana hapa mila yenyewe ilikuwa imeshavaa nguo ya sheria, ina namba na tarehe. Ugomvi halisi ulikuwa kati ya kanuni ya chini iliyobeba mila na Katiba iliyo juu yake.

Mahakama ya Mwanzo haikusumbuka. Mila iko wazi, kanuni iko wazi, mauzo batili, bibi arudishe 300,000 kwa mnunuzi. Na kusema ukweli kwa mazingira yale hakimu alikuwa anafuata njia iliyopigwa. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ilishapata kesi ya mabinti wa Kihaya, ya kina Verdiana Kyabuje, na jaji alisema anawaonea huruma lakini mila za watu zinabadilishwa na vyombo vinavyohusika nazo, siyo na mahakama. Mwaka 1981 Mahakama ya Rufani nayo, kwenye kesi ya Deocras Lutabana, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ikasema msimamo wa mila ni huohuo, mwanamke ni wa kutumia. Ukiwa hakimu wa mwanzo na juu yako kuna hukumu kama hizo utafanyaje?

Bibi akakata rufaa Mahakama ya Wilaya Muleba na hapo upepo ukageuka. Hakimu wa wilaya akasema sasa tuna haki za binadamu ndani ya Katiba, mwanamke na mwanaume wako sawa, bibi ana haki ya kuuza, lakini Bernardo akitaka ardhi ibaki kwenye ukoo alipe 300,000 aikomboe. Bernardo hakuridhika, akapanda Mwanza, akakutana na Jaji James Mwalusanya.

Hapa kuna kitu cha kalenda ambacho watu wanakipita tu. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu kwa mabadiliko ya mwaka 1984 yaliyoanza kutumika Machi 1985, lakini serikali ikajipa muda wa miaka mitatu ambapo huwezi kwenda mahakamani kusema sheria fulani inavunja hizo haki. Muda huo uliisha Machi 1988. Bibi ameuza Agosti 1988. Miezi mitano! Angeuza mwaka mmoja kabla, Bernardo akamshitaki mwaka huohuo, hakimu asingekuwa na mlango wa kumpitishia.

Na mlango wenyewe ulikuwa wapi? Sheria ya mpito iliyofuatana na mabadiliko hayo, namba 16 ya 1984, kifungu cha 5(1), inaziambia mahakama kwamba sheria zilizokuwepo, za kimila zikiwemo, zisomwe kwa marekebisho yoyote yanayohitajika ili zikubaliane na Katiba. Huu ndo ufundi wa Mwalusanya. Hakuhitaji kuitupa kanuni ya 20 nje na kuacha shimo, aliisoma upya. Akasema kanuni inabagua, inapingana na ibara ya 13(4) inayokataza mtu yeyote kubaguliwa, kwahiyo kuanzia sasa isomwe kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Na zile kanuni za zamani za mamlaka ya wenyeji ya Bukoba, za mwaka 1944, zilizomfunga binti hata kwenye ardhi ambayo baba yake aliitafuta mwenyewe kwa jasho lake, hizo alisema hazina nguvu tena kabisa.

Kuna ugumu mmoja aliuvuka ambao leo hatuuoni. Ibara ya 13(5) ndo inaeleza maana ya "kubagua", inataja kabila, mahali mtu alipotoka, siasa, rangi, dini, hali ya maisha. Wakati ule haikutaja jinsia. Jinsia imeongezwa mwaka 2000. Kwahiyo mtu angeweza kusimama mbele ya jaji akasema mheshimiwa, Katiba inakataza ubaguzi lakini haijasema wa jinsia. Mwalusanya akazunguka kwa nje, akaleta Tamko la Haki za Binadamu ambalo ibara ya 9 ya Katiba inalitaja, akaleta mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia 1985, akaleta na mkataba wa haki wa Afrika. Ujumbe wake ulikuwa kwamba nchi iliyosaini yote haya haiwezi kugeuka nyumbani ikasema mwanamke siyo sawa.

Sasa tuje kwenye amri ya mwisho. Rufaa ya Bernardo ilitupwa, mauzo ni halali. Lakini Bernardo alipewa miezi sita tangu siku ya hukumu, tarehe 22 Februari 1990, akilipa shilingi 300,000 kwa mnunuzi ardhi inarudi na inakuwa yake, ikipita miezi sita hajalipa mnunuzi anakuwa mwenye mali moja kwa moja.

Watu wakifika hapa wanakunja uso, "sasa ushindi gani huo kama kijana bado anaweza kuichukua?" Turudi kwa yule mwanaume wa ukoo anayeuza. Kwa mila za Wahaya mwanaume akiuza kibanja cha ukoo kwa mgeni bila kuwaambia wenzake, mauzo hayafi. Ndugu wanachoweza ni kukomboa, kumrudishia mnunuzi hela yake na kuchukua ardhi. Muuzaji yeye keshakula hela yake. Kwa mwanamke ilikuwa tofauti, mauzo yake yanakufa na yeye anadaiwa arudishe. Jaji alichofanya ni kuchukua utaratibu wa wanaume na kuufanya wa wote. Mila ya kukomboa ikabaki nzima, kilichotolewa ni jinsia tu. Mimi naona hii ndo akili ya hukumu nzima, maana ile hofu ya makaburi ina dawa yake hapohapo, ukoo unaotaka makaburi yake ulipe. Na bibi, ambaye shida yake ilikuwa ni nani atamlisha uzeeni, 300,000 yake haiguswi, iwe Bernardo kalipa au hajalipa.

Hata ile miezi sita siyo pambo. Ukiacha kukomboa kusiwe na mwisho, mwanaukoo mjanja anakaa pembeni miaka kumi, mnunuzi anapanda migomba, anajenga, ardhi inapanda bei, halafu huyu anakuja na bei ileile ya zamani mkononi anasema nakomboa. Nimeshakaa kwenye vikao vya ukoo nikasikia mtu anatamka "tutakomboa" kwa sauti kubwa kabisa na mfukoni hana hata nauli ya kurudi kwake. Ukiwa upande wa mnunuzi au wa muuzaji, dai mahakama iweke tarehe na hela iwekwe mezani, kelele zitapungua.

Haya, sasa kile nilichosema mshike. Bibi Holaria alikuwa tayari na ardhi. Baba yake alimwachia kwa wosia na hakuna aliyebisha. Ugomvi uliokuwa mbele ya jaji ulikuwa wa kuuza. Maneno ya jaji yalitanuka mpaka kwenye kurithi, "kurithi na kuuza", lakini kurithi hakukuwa ndo swali aliloletewa. Wakili wa upande wa pili akijua kazi yake atasimama hapo, atasema mheshimiwa yale ya kurithi jaji aliyasema kwa kupita. Na binti ambaye baba kafa bila wosia, kaka zake wamekaa kikao, yeye hana karatasi yoyote mkononi, yuko sehemu tofauti kabisa na Holaria.

Kwa sababu Tangazo 436 lina kanuni nyingine. Linawapanga warithi madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya mke mkubwa daraja la kwanza peke yake, wanaume wengine daraja la pili, mabinti wote daraja la tatu, na fungu linapungua kadri unavyoshuka. Hizo kanuni hazikuwa mbele ya Mwalusanya mwaka 1990 na Bunge halijazifuta.

Mwaka 2005 wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliofukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao, walizipinga kanuni hizi za urithi moja kwa moja Mahakama Kuu Dar es Salaam. Safari hii haikuwa rufaa ya kawaida. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria ya utaratibu wa kudai haki za msingi, madai ya namna hiyo yanasikilizwa na majaji watatu, na badala ya kuifuta sheria mahakama inaweza kuirudisha serikalini irekebishwe. Mwaka 2006 majaji wakakubali kwamba kanuni zinabagua. Wakakubali! Halafu wakakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa kalamu ya jaji, ukianza na hii kila kabila litakuja na yake, waende halmashauri za wilaya ambazo kisheria zinaweza kuanzisha mabadiliko ya mila. Ukisikiliza vizuri ni sauti ileile ya 1968. Walipopanda Mahakama ya Rufani, mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye karatasi za mahakama, hoja yenyewe haikuguswa. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya ule mkataba wa wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao. Kamati hiyo lakini haina uwezo wa kufuta kanuni yetu.

Kwahiyo mna hukumu mbili za Mahakama Kuu zinazotazama pande tofauti. Mwalusanya anasema mahakama imeamriwa kuisoma mila iendane na Katiba. Wale watatu wanasema tunaona ubaguzi lakini siyo kazi yetu. Mimi niko na Mwalusanya, kifungu cha 5 kiliandikwa kwa ajili ya hilohilo, na mfano wa Muleba unaonyesha ukirekebisha kanuni moja makabila mengine hayaanguki. Lakini kukubaliana naye hakukupi kibanja.

Kinachompa binti wa leo nguvu zaidi ni kitu kingine ambacho Holaria hakuwa nacho, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kifungu cha 20(2) kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Maneno ni makali na hayahitaji jaji shujaa. Ila kinazungumzia ardhi ya kijiji, hakikugusa Tangazo 436 kwa jina, kwahiyo kaka mwenye wakili atasema hii ni mirathi siyo ardhi. Jibu ni kwamba sheria ya Bunge inashinda kanuni ya chini, na kanuni ya mirathi inayomnyima binti ardhi ya kijiji ni mila inayomnyima ardhi, ukiita jina gani. Naamini hoja hiyo ni nzuri, lakini inabidi mtu aisimamie.

Tuiweke kwenye maisha. Tuseme baba kafariki Muleba, hana wosia, ameacha kibanja, wavulana wawili na mabinti watatu. Kikao cha ukoo kinakaa, kaka mkubwa anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa, wanaenda Mahakama ya Mwanzo. Hapo hapo, kabla ya hoja yoyote, jambo kubwa limeshaamuliwa bila kelele, maana Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila au ya Kiislamu. Kufungua faili pale bila kupinga ni kama kukubali kwamba marehemu aliishi kimila. Kama baba alikuwa mwalimu Mkristo, kasomesha watoto wote sawa, ana akaunti benki na nyumba mjini, mabinti wanaweza kubisha kwamba mtindo wake wa maisha haukuwa wa kimila na mirathi iende mahakama ya juu kwa sheria nyingine ya urithi, ile ya zamani iliyotoka India, ambayo haina madaraja ya wavulana na wasichana. Kubisha huko kunafanyika mwanzoni, tangazo la mirathi likishabandikwa na kabla kaka hajateuliwa. Baada ya hapo unapambana na msimamizi mwenye barua ya mahakama mkononi.

Ikibaki kimila, basi binti aulize kitu cha pili, hii ardhi ni ya ukoo kweli au baba aliinunua? Wanaume kwenye kikao wataiita yote ya ukoo. Karatasi ya mauziano ya mwaka fulani, mashahidi waliokuwepo, jirani aliyeuza, hivyo vinabadilisha hesabu, kwa sababu kizuizi cha kanuni ya 20 ni cha ardhi ya ukoo peke yake. Halafu ndo unaleta kifungu cha 20(2), halafu Katiba, na Holaria Pastory unamleta mwisho kuonyesha kwamba mahakama ilishawahi kuisoma mila hii kwa usawa. Wengi wanaanza naye na kuishia naye.

Na kuna karatasi moja ndogo inayoua kesi nyingi kuliko kanuni zote hizi. Ule muhtasari wa kikao. Dada anaambiwa "saini hapa kwamba ulihudhuria", anasaini kwa heshima, msiba bado mbichi, hata hasomi. Miaka mitano baadae anafungua kesi, kaka anatoa muhtasari, mstari wa mwisho umeandikwa kwamba mabinti wameridhia mali yote ya ardhi ibaki kwa watoto wa kiume, na saini yake ipo pale chini, ya tatu kutoka juu.